Picha ya ziwa inameza kichwa cha slaidi yangu ya kwanza

"Naandaa slaidi za kikundi chetu cha wauza samaki hapa Dunga, Kisumu. Nimeweka picha ya ziwa jua likizama, lakini kichwa cheupe hakisomeki, na nembo ina kisanduku cheupe. Nisaidieni."

Ndugu, usihangaike na rangi ya herufi. Picha hiyo ina anga angavu na mitumbwi myeusi, kwa hiyo rangi yoyote itapotea mahali fulani. Tuliza picha kwanza.

Chora mstatili unaofunika slaidi nzima, ukae juu ya picha na chini ya maandishi. Kwenye PowerPoint fungua Format Shape, chagua Gradient fill, aina iwe Linear na Angle 0°. Bakisha vituo viwili vya rangi: cha kushoto bluu nzito yenye Transparency 10%, cha kulia bluu ileile yenye 100%. Kushoto sasa kuna giza tulivu la kuandikia, na mtumbwi unaonekana kulia. Mtumbwi ukiwa kushoto, kata picha upya. Kuigeuza picha kutapindua jina lililoandikwa ubavuni mwa mtumbwi.

Kichwa kiseme jambo: "Samaki wanaoza kabla ya soko" kinashinda "Ripoti ya Kikundi". Herufi nzito, ukubwa wa 48 hivi.

Kisanduku cheupe kwa kawaida hutokana na faili ya JPG. Mwombe aliyechora nembo PNG isiyo na mandharinyuma, pamoja na toleo jeupe. Iweke chini kushoto, ukingo wake ulingane na wa kichwa. Nembo ya mfadhili usiibadilishe rangi bila idhini yake.

Ijaribu kwa projekta mchana, madirisha yakiwa wazi. Kichwa kikififia, shusha ile 10% hadi 0%.