Mikataba, risiti, picha na invoisi za mafundi: mimi napanga kwa chumba, sio kwa aina ya karatasi

> Wakuu, mzee kanikabidhi nyumba zake tatu za kupangisha, kuna vyumba, apatimenti na fremu, jumla zinafika 30 na kitu. Mikataba iko kwenye bahasha, risiti kwenye droo, picha na invoisi za mafundi zote ziko WhatsApp. Nyie mnapangaje hivi vitu? Ninunue mfumo?

Mfumo acha kwanza mkuu. Na mimi nasimamia nyumba za familia hapa Dar, zipo Tabata na Mbezi, mchanganyiko kama huo wako, na kitu kinachowashinda watu wengi ni kwamba wanafungua folda moja inaitwa MIKATABA, nyingine RISITI, nyingine PICHA, inaonekana safi kabisa, halafu siku mpangaji anahama mnaanza kubishana inabidi ufukue folda nne kutafuta vitu vya mtu mmoja. Ugomvi huwa ni wa chumba fulani na mtu fulani kwa kipindi fulani, kwa hiyo na makaratasi yakae hivyo hivyo.

Anza kwa kumpa kila mlango namba ambayo haitabadilika hata apite nani. Usitumie jina la mpangaji wala "chumba cha mama Asha" maana mama Asha atahama. Mimi TB-04 ni Tabata mlango wa nne, MB-07 ni Mbezi wa saba, na kila nyumba ina namba 00 kwa vitu vya wote kama kunyonya choo, taa za nje, geti, mlinzi, tanki la maji. Hiyo namba iandike kwenye mkataba, kwenye risiti na kwenye funguo. Ndani ya kila mlango folda ni za vipindi vya upangaji, halafu matengenezo yanakaa pembeni yake:

```
TB-04/
  2024-03_upangaji/
    2024-03-15_TB-04_mkataba.pdf
    2024-03-15_TB-04_risiti-kodi.pdf
    picha-kuingia/
    picha-kuhama/
  matengenezo/
    K041/
```

Tarehe inaanza na mwaka ili mafaili yajipange yenyewe, ukianza na siku utakuta tarehe 1 za miezi yote zimekaa pamoja, vurugu tupu. Matengenezo nimeyatoa nje ya folda ya mpangaji kwa sababu bomba lililobadilishwa ni la nyumba, mpangaji ataondoka bomba litabaki, na mwakani ukimuita fundi utataka kujua lile sinki limeshaguswa lini.

Sasa mkataba. Skani kurasa zote pamoja na ile ya sahihi na mashahidi, na kama umelipia stempu (kwa mkataba wa pango ni 1% ya kodi ya mwaka) weka risiti yake hapo hapo pembeni ya mkataba, maana mkataba usio na stempu mahakamani hawaupokei kama ushahidi mpaka ulipiwe na faini juu. Halafu fungua shiti moja tu ya Excel au Google Sheets, mstari mmoja kwa kila upangaji: namba ya mlango, jina, simu, tarehe ya kuanza, kodi kwa mwezi, miezi aliyolipia, amelipa hadi lini, namba ya mita ya LUKU, idadi ya funguo. Safu ya "amelipa hadi" ndiyo utakayoiangalia kila wiki kuliko zote. Kama tarehe ya kuanza iko D2 na miezi iko F2 basi:

```
=EDATE(D2,F2)-1
```

Aliyeingia 15/3/2024 akalipa miezi 6 itakuletea 14/9/2024. Na hiyo hiyo ndio unaiandika kwenye risiti, "kodi ya TB-04 kuanzia 15/3/2024 hadi 14/9/2024". Zile risiti za kitabu zilizoandikwa "kodi ya nyumba 900,000" na basi, hizo ndizo zinaleta kesi, mtu alilipa ya miezi mitatu akasema nyingine namalizia mwisho wa mwezi, baadaye yeye anakumbuka ilikuwa ya mitano kwa bei ya zamani, wewe unakumbuka mitatu kwa bei mpya, na karatasi haisemi chochote. Akilipa nusu andika risiti ya kipindi kilicholipiwa tu.

Fremu zina jambo lake. Kama mpangaji wa fremu ni kampuni, anatakiwa akate kodi ya zuio 10% kwenye pango na kuipeleka TRA. Chukulia fremu ni 400,000 kwa mwezi na kalipa miezi 6, jumla 2,400,000. Anakata 240,000, benki kwako inaingia 2,160,000. Usipoandika vizuri shiti itakuambia anadaiwa 240,000 na utaanza kumpigia simu za madeni wakati hadaiwi hata mia. Mimi nina safu mbili, "iliyoingia" na "iliyozuiwa", na ile ya pili siijazi mpaka anipe cheti cha zuio, kinaingia kwenye folda yake kama risiti nyingine yoyote. Cheti kisipokuja hiyo hela inahesabika bado, kwa sababu siku ya hesabu na TRA huwezi kusema "alinikata" bila karatasi. Wadai mapema, mhasibu wao akishahama ofisi utasota.

Picha za ukaguzi nitaongea kidogo kwa urefu maana hapa ndipo watu wanajidanganya. Picha iliyopitia WhatsApp imebanwa na taarifa za ndani zimefutwa, ile tarehe na saa ambayo kamera iliandika haipo tena. Jina linakuwa kitu kama `IMG-20240312-WA0007.jpg`, na hiyo tarehe ni ya siku ilipotumwa, sio siku ilipopigwa. Kwa hiyo kama mlinzi au dada anayekusaidia ndiye anayepiga, mwambie atume kama dokumenti, sio kama picha, au aweke moja kwa moja kwenye Google Drive, ya asili ibaki ilivyo. WhatsApp itumie kwa kazi nyingine: siku hiyo hiyo ya kukabidhi funguo mtumie mpangaji zile picha, mwombe ajibu kama ameziona na kama kuna kitu hakipo aongeze. Jibu lake piga skrinishoti weka kwenye folda ya picha-kuingia.

Mpangilio wa kupiga uwe mmoja milele. Mimi naanza mlangoni nazunguka kulia, kila chumba kona nne, kisha dari, sakafu, madirisha na nyavu, jikoni sinki na kabati, choo, bafu, mwisho mita ya LUKU na ya maji zikionyesha namba, na funguo zikiwa zimepangwa mezani. Zipe namba 01, 02, 03 kwa mpangilio huo. Siku ya kuhama unapiga tena kwa mpangilio ule ule, unafungua 14 ya kuingia na 14 ya kuhama pembeni kwa pembeni. Video sawa lakini iwe ya nyongeza, kusimamisha video utafute ufa kwenye sinki ni mateso. Na zinakata kote kote: kuna mpangaji mmoja tulitaka kumkata dipoziti kwa ajili ya sinki lenye ufa, mlinzi anaapa lilikuwa zima, tukafungua picha ya kuingia ukiikuza ufa unauona ule pale chini ya bomba. Akarudishiwa yake yote, dakika tano tu, hakuna kelele.

Mafundi sasa, hapa ndio penye fujo. Fundi wetu wa mtaani hana invoisi, ana kipande cha karatasi na "bosi nitumie ya nauli". Siwezi kumbadilisha, ninachofanya ni kila kazi kuipa namba, K041, K042 na kuendelea, na fundi hapewi hela mpaka namba ipo. Tuchukue K041. Mpangaji wa TB-04 kasema maji yanavuja chini ya sinki, TB-06 naye bomba la bafu halifungi. Fundi kaja, kapiga picha kabla, kataja vifaa, dukani risiti ya EFD imetoka 186,000, ndani yake mabomba na viungo vya TB-04 ni 96,000 na bomba la TB-06 ni 90,000. Risiti ni moja lakini milango ni miwili. Watu wanaitoa kopi wanaweka kila folda, mwisho wa mwaka wanaihesabu mara mbili. Mimi risiti inakaa sehemu moja tu, ndani ya folda ya K041 kwenye TB-04 ilikoanzia, na kwenye shiti ya matengenezo kuna mistari miwili yenye K041, mmoja TB-04 96,000 mwingine TB-06 90,000. Jumla ya mistari ikitofautiana na risiti ujue kuna kitu umeruka. Ufundi wenyewe unalipwa kwa simu, sio mkononi, ile meseji yenye namba ya muamala inaingia kwenye folda pamoja na karatasi yake yenye jina, simu, kazi na sahihi, halafu picha ya baada. Picha ya baada hakuna, hela ya mwisho haitoki.

Ile risiti ya EFD ipige picha siku hiyo hiyo ikiwa imenyooka, namba ya uhakiki isomeke. Ile karatasi inafifia, ukiiacha kwenye dashibodi ya gari ndio kabisa, baada ya muda ni karatasi nyeupe. Ukiwa na ile namba unaweza kuihakiki `verify.tra.go.tz`, na fanya hivyo kwa zile kubwa, kuna maduka yanatoa karatasi inayofanana na EFD halafu TRA haipo.

Kitu kingine kidogo, kodi ya jengo inayokatwa kwenye LUKU. Ni ya mwenye nyumba, lakini ikiangukia kwenye mita ya mpangaji yeye ndiye anakatwa akinunua umeme. Weka kwenye shiti ni mita ipi inabeba, ili akidai arudishiwe mjue mnazungumzia nini.

Ya zamani usijitese kuyapanga yote. Chukua wapangaji waliopo sasa tu, mlango mmoja baada ya mwingine, ya waliohama yatie boksi moja kwa kila nyumba uandike mwaka juu. Ya kodi yatunze miaka 5 maana sheria ya TRA ndio inavyotaka. Kopi za NIDA za wapangaji zisizagae kwenye grupu la WhatsApp la walinzi na madalali, weka kwenye folda unayoifungua wewe na mzee tu.

Mfumo wa kununua utaufikiria hiyo shiti ikishakaa sawa, na muuzaji muulize kwanza kama unaweza kutoa data zako zote nje kwenye Excel pamoja na picha zikiwa na ukubwa wake wa asili. Akianza kuzunguka zunguka, achana naye.