Choo cha mtoto kikipauka: siku 21 nilizozipoteza mwenyewe

Mimi ni mkunga. Nimefanya kazi kwenye zahanati na vituo vya afya vya mkoa wa Lindi kwa miaka mingi, na ninaandika haya kwa sababu ya mtoto wa mdogo wangu, ambaye kwa mila zetu ni mwanangu mimi pia. Alizaliwa Tandahimba, mimba imetimia, kilo 3.1, akalia vizuri, akashika ziwa saa ile ile. Siku ya nne macho yakawa ya njano kidogo. Hilo kwa mkunga si habari kubwa, watoto wengi hupitia hapo.

Siku ya 12 mdogo wangu alinitumia picha kwenye simu. "Dada shikamoo, hebu mtazame, macho bado." Nikatazama. Mtoto amenenepa, ananyonya, analala. Nikamjibu, "Marahaba. Mtoe kwenye jua la asubuhi, mnyonyeshe mara nyingi, itaisha." Sikumuuliza choo kina rangi gani, wala mkojo. Maswali mawili tu, ambayo yangenichukua nusu dakika.

Siku ya 33 alishuka Lindi kwa ajili ya harusi ya shangazi yetu. Mchana, wanawake wakiwa uani na masufuria, nilimpokea mtoto nimbadilishe nepi. Ilikuwa nepi ya kitambaa cheupe. Choo kilikuwa na rangi ya ule udongo wa pemba wanaoutafuna wajawazito, kijivu cheupe kinachoelekea maziwa, hakina unjano wowote. Na pembeni, mahali mkojo ulipokauka, palikuwa na doa kama la chai ya rangi. Nilimuuliza mdogo wangu kimeanza lini kuwa hivi. Akasema, "Mbona cha siku zote, dada. Mwanzoni kilikuwa cha njano, halafu kikapauka polepole. Mama mkwe alisema ni maziwa yangu mepesi." Na kule nyumbani, akaniambia kwa sauti ya chini, walikwishaanza kunong'ona kwamba mtoto amebemendwa.

Nieleze kinachotokea ndani, maana ukikielewa hutahitaji kukariri kitu. Ini hutengeneza nyongo, na nyongo hushuka kwa mirija myembamba hadi kwenye utumbo. Ile rangi ya choo, njano kama manjano ya kupikia kwa mtoto anayenyonya, kijani au kahawia kwa mwingine, inatokana na nyongo. Mrija ukiziba, choo kinatoka bila rangi. Nyongo nayo haipotei, inarudi kwenye damu, figo zinaichuja, na mkojo unakuwa mweusi. Kwa hiyo choo cheupe na mkojo mweusi ni habari moja: nyongo haipiti inapotakiwa kupita. Mkojo wa mtoto mchanga unatakiwa uwe karibu kama maji. Ukiacha doa la njano iliyokoza au kahawia kwenye nepi, hilo peke yake linatosha kumpeleka mtoto akapimwe.

Sasa ona tofauti na unjano wa kawaida. Mtoto anayenyonya anaweza kubaki na macho ya njano wiki kadhaa bila ugonjwa, lakini choo chake ni cha njano safi na mkojo wake mweupe. Unjano huo unatokana na bilirubini, ile rangi ya njano iliyomo kwenye damu, ambayo ini bado halijaishughulikia, na bilirubini ya namna hiyo haipiti kwenye mkojo. Ya mwanangu ilikuwa imeshashughulikiwa na ini, ikakosa njia ya kutokea. Jua haliwezi kufungua mrija ulioziba. Ushauri wangu wa siku ya 12 ulimpa mama kitu cha kufanya kila asubuhi, akaamini anamtibu, na siku zikaenda.

Ugonjwa tuliokuja kuambiwa ni wa mirija ya nyongo kuziba na kuwa makovu tangu uchanga. Wanaoupata huzaliwa wazima kabisa kwa macho ya mtu, wengi kwa uzito mzuri, na hapo ndipo unapotupita. Tumezoea kwamba mtoto mgonjwa ana homa, hanyonyi, analegea. Huyu ananyonya na kucheka, na ini lake linazidi kuota makovu kila wiki.

Matibabu yake ni upasuaji. Daktari mmoja wa Japani, Morio Kasai, ndiye aliyeuanzisha katika miaka ya 1950: wanaondoa mirija iliyoharibika na kuvuta kipande cha utumbo wa mtoto mwenyewe hadi kwenye ini, nyongo idondokee humo. Unafaa zaidi ukifanyika kabla mtoto hajafikisha siku 60. Kadiri siku zinavyopita baada ya hapo, matumaini ya nyongo kutiririka yanapungua, na baada ya siku 90 yanakuwa madogo sana. Hata ukifanywa mapema si kila mtoto nyongo yake hutiririka, na wengi baadaye huja kuhitaji ini jingine. Lakini anayewahi ana nafasi ambayo aliyechelewa hana.

Hebu tupige hesabu ya huku kwetu. Mama akiambiwa "subiri chanjo ya wiki ya sita wataangalia", atafika siku ya 42. Zinabaki siku 18. Humo ndani kuna vipimo, kuna barua ya rufaa, kuna nauli ya kutafuta, kuna safari ya kwenda Dar es Salaam, kuna foleni ya chumba cha upasuaji. Kwa aliyeko Newala au Liwale, siku 18 ni chache mno. Ndiyo maana nasema choo kikipauka unakwenda siku hiyo hiyo, hata kama hujafikia tarehe ya kliniki. Na mtoto ambaye macho bado ni ya njano siku ya 14 (siku ya 21 kwa njiti) apimwe damu, hata kama choo unakiona kizuri.

Kuhusu kukitazama choo, kuna mambo yanayodanganya. Taa za sola na mwanga wa simu hubadilisha rangi, kitazame mchana, nje. Pampas hunyonya majimaji na kukificha, kwa hiyo tandika kitambaa cheupe ndani yake siku moja mbili. Kisha kipasue choo kwa kijiti: mtoto mwenye unjano mwingi anaweza kukipaka rangi juu juu, ndani kikawa cheupe. Pia kinaweza kuwa cheupe leo, kesho kikaja na unjano hafifu, mama akapumua. Usikubali kutulizwa na nepi moja. Nenda na nepi yenyewe hospitali, kwenye mfuko, na picha za siku zilizopita ulizopiga mchana. Mhudumu akishika nepi mkononi hawezi kukwambia unaona vibaya.

Macho nayo: kwa ngozi zetu nyeusi unjano wa mwili hauonekani mapema. Tazama weupe wa macho na fizi.

Tulipofika hospitali siku ile ile ya 33, kipimo cha kwanza kilichoandikwa kilikuwa bilirubini ya jumla peke yake. Hapo nililazimika kusema. Jumla haitenganishi unjano wa kawaida na huu, inakupa namba moja na kila mtu anarudi kwenye jua. Omba ipimwe jumla pamoja na direkti, ndivyo maabara wanavyoiita, yaani sehemu iliyokwisha kupita kwenye ini. Majibu yalikuja siku ya 35: jumla 168, direkti 121. Direkti ikizidi 17 kwa kipimo cha mikromoli kwa lita mtoto anatakiwa achunguzwe haraka, na ya kwetu ilikuwa zaidi ya theluthi mbili ya jumla yote.

Siku ya 36 alipigwa ultrasaundi, akiwa amekaa saa nne bila kunyonya ili kifuko cha nyongo kijae kionekane. Hakikujaa, kilionekana kidogo na kimesinyaa. Ultrasaundi inaweza pia kutoka nzuri na ugonjwa ukawepo, kwa hiyo isiwe sababu ya kurudishwa nyumbani wakati choo bado ni cheupe. Walimpima pia maambukizi ya damu na ya mkojo, na kaswende, maana hayo huweza kuleta dalili kama hizi na dawa zake ni nyingine. Uvimbe wa mrija wa nyongo nao upo. Choo cheupe hakisemi jina la ugonjwa. Kinasema tafuta sasa.

Kabla hatujaondoka alichomwa vitamini K. Nyongo isipofika utumboni, mafuta hayameng'enywi na vitamini hii haiingii mwilini, damu inashindwa kuganda. Kitovu kikitoa damu wiki ya tatu, pua ikivuja, alama ya sindano ikikataa kukauka, au mtoto mwenye unjano akianza kutapika na kusinzia ghafla, hapo damu inaweza kuwa inavuja hata ndani ya kichwa. Usisubiri kukuche. Na kwa sisi tunaotahiri watoto wangali wachanga, nasihi: mtoto wa macho ya njano asipelekwe tohara mpaka apimwe.

Dawa za miti alizokuwa anapewa tulizisimamisha siku ile ile, maana ini lilikuwa na mzigo wa kutosha. Ziwa hatukulisimamisha. Maziwa ya mama yake hayakuwa na kosa lolote, na hilo nilimwambia mama mkwe wake kwa adabu, akiwa amekaa, mbele ya mwanawe wa kiume. Yale ya kubemenda nayo yakaishia pale.

Siku ya 38 walipanda basi la alfajiri. Juu ya barua ya rufaa nilimwomba daktari aandike kwa herufi kubwa umri kwa siku, siyo "mwezi mmoja", pamoja na namba ya direkti na maneno "choo cheupe". Kila aliyeipokea ile karatasi aliona siku zilizobaki. Alipasuliwa siku ya 46. Wiki ya pili baada ya upasuaji mdogo wangu alinipigia, hakuweza kusema, akatuma picha ya nepi. Choo kilikuwa cha kijani.

Sasa ana mwaka na miezi minne. Tumbo limejaa kidogo upande wa kulia, na anakwenda kliniki ya ini kila walipompangia. Kila akipata homa mama yake hampi panado na kungoja, kwa sababu baada ya upasuaji huu wadudu wa utumboni wanaweza kupanda hadi kwenye mirija ya ini. Anamfunga mgongoni, anachukua lile faili, anaondoka usiku huo huo.