"Urefu wa wimbi" ni wa kwenda juu au wa kwenda mbele?

*Swali: Nafundisha fizikia sekondari, Tanga. Vitabu ni vya Kiingereza, ila wanafunzi wapya nawaelekeza kwa Kiswahili. Nilichora wimbi kwa mkono kwenye karatasi ya grafu, nikawagawia kopi, nikaandika ubaoni: "Pimeni urefu wa wimbi na amplitudo." Mimi nimepata sm 6.1 na sm 2.0. Mwanafunzi mmoja kaandika 4.0 na 2.3, wa pili 3.3 na 2.0, wa tatu 5.8 na 4.0. Je, ni neno "urefu" lililowapoteza, au hawajui kutumia rula? Na amplitudo tuiite nini kwa Kiswahili? Picha ya mchoro na ya jedwali la vipimo kwenye daftari langu nimeambatanisha.*

Mwalimu, rula wanaijua. Nimehesabu vimraba vya milimita kwenye picha yako, na kila tarakimu waliyoandika nimeipata mahali fulani kwenye mchoro. Hakuna aliyebuni. Kilichotokea ni kwamba kila mmoja alipima kitu cha kweli, isipokuwa si wote waliopima kitu ulichokikusudia. Sehemu ya lawama ni ya maneno, na sehemu ndogo ni ya mkono wako uliochora.

Nianze na 4.0 ya mwanafunzi wa kwanza. Kwa Kiswahili mti ni mrefu na kamba ni ndefu. Urefu wa mti unakwenda juu, wa kamba unakwenda mbele, na neno ni lilelile. Kitu kikilala tunaelewa urefu wake umelala. Kikisimama tunaelewa umesimama. Sasa wimbi limelala au limesimama? Mtoto wa Tanga atakujibu limesimama, na ana haki. Mamlaka ya Hali ya Hewa inapotoa angalizo la mawimbi yanayofikia mita 2 katika ukanda wa pwani, mita hizo huhesabiwa kwenda juu, kutoka bondeni hadi kileleni. Hakuna mvuvi anayesikia taarifa hiyo akadhani mawimbi yameachana mita 2. Basi mwanafunzi wako kaweka rula wima, akaanzia chini kabisa ya bonde, akasoma kilele kipo sm 4.0 juu yake. Kipimo ni sahihi kwa milimita, ila hicho si urefu wa wimbi wa fizikia, ambao huenda mbele, kutoka kilele hadi kilele kinachofuata.

Wa pili aliyeandika 3.3 hakupotezwa na "urefu". Yeye alilaza rula kama ulivyotaka. Neno lililompoteza ni "wimbi" lenyewe. Katika usemi wa kila siku wimbi ni ile nundu ya maji inayoinuka na kukujia. Bonde lililo nyuma yake ni nafasi tu kati ya wimbi na wimbi. Wanafizikia ndio wanaolihesabu bonde kuwa nusu ya wimbi. Kwa hiyo kaipima nundu peke yake, kutoka pale mchoro unapoukata mstari wa kati ukipanda hadi pale unapoukata ukishuka. Tazama nundu ya katikati kwenye mchoro wako: sm 3.3 barabara.

Huyu wa pili hugundulika kwa urahisi kwa sababu kipimo chake hukaribia nusu ya kile cha mwalimu. Ukilinganisha daftari na kipimo chako, usianze kwa kutoa namba ndogo katika kubwa. Anza kwa kugawanya. Jibu likikaribia 1, mmepima kitu kimoja na kilichobaki ni tofauti ya mikono na macho. Likikaribia 2 au nusu, mmepima vitu viwili, na tatizo ni la maelezo. Likiwa halikaribii lolote kati ya hayo, kama lile la 4.0 kwa 6.1, geuza rula uone kama mtoto alipima kwa upande mwingine.

Kwa kugawanya huko, 4.0 ya mwanafunzi wa tatu chini ya safu ya amplitudo inajieleza yenyewe: ni mara mbili ya 2.0 yako. Alipima kutoka bonde hadi kilele, na amplitudo ni kutoka mstari wa kati, yaani mstari wa utulivu, hadi kilele, au kutoka mstari huo hadi bonde.

Hapo ndipo linapokuja swali lako la jina. Mimi ningeliacha neno amplitudo kama lilivyo. Lina herufi zetu na silabi zinazotamkika, na linakaa vizuri katika ngeli ya I-/ZI-: amplitudo ya wimbi hili, amplitudo za mawimbi haya. Wanaosema "ukubwa wa wimbi" wanalirudisha darasa gizani, maana wimbi kubwa laweza kuwa refu, pana au lenye nguvu. Wanaosema "kimo" wako karibu zaidi, lakini kimo cha mtu huanzia unyayoni na kuishia utosini, hakianzii kiunoni. Ukisema "kimo cha wimbi", msikilizaji ataanzia chini kabisa, naye atapata 4.0 kama huyu. Kwa hiyo lipeni neno kimo kazi yake hiyohiyo: kimo ni kutoka bonde hadi kilele, na amplitudo ni nusu ya kimo. Mawimbi ya mita 2 ya taarifa ya hali ya hewa yana kimo cha mita 2. Amplitudo yake ni kadiri ya mita 1.

Sasa 2.3 ya mwanafunzi wa kwanza, ambayo naona umeiwekea alama ya kukosea. Mwalimu, alama hiyo naomba uifute. Huyu alifuata maana kwa uaminifu: alianzia mstari wa kati, akapanda hadi kileleni, akasoma sm 2.3. Nimehesabu mwenyewe, vilele vyako viko milimita 23 juu ya mstari. Lakini mabonde yako milimita 17 chini yake. Ulichora mstari kwanza, kisha wimbi likapanda juu kidogo kuliko ulivyodhamiria, jambo la kawaida kwa mchoro wa mkono. Mstari wako hauko katikati, umeshuka milimita 3. Ndiyo maana wewe, uliyepima kimo chote cha sm 4.0 na kukigawanya kwa 2, ulipata 2.0, naye kwa njia ya moja kwa moja akapata 2.3. Nyote mmepima sawasawa, ila njia yako haijali mstari umewekwa wapi. Ningewafundisha wote hiyo.

Mstari ulioshuka una madhara mengine, na yanamgusa yule wa 3.3. Mtu anaweza kumwambia, "Sawa, umepima nusu, basi zidisha kwa 2." Akizidisha atapata 6.6, wakati wimbi hilo la katikati lina sm 6.2. Kisa ni kwamba mstari ukishuka, nundu zinanenepa na mabonde yanakonda. Nundu ina sm 3.3 na bonde lililo jirani yake lina sm 2.9. Nusu mbili za wimbi hazilingani tena kwenye karatasi, hata kama wimbi lenyewe halina hitilafu. Ukipima kutoka mahali mchoro unapoukata mstari ukipanda, hadi mahali unapoukata tena ukipanda, nundu na bonde vyote vinaingia ndani, na kosa la upande mmoja linafidiwa na upande wa pili. Neno la kusisitiza hapo ni "ukipanda" mara zote mbili. Kilele hadi kilele nako ni sahihi, ila vilele vilivyochorwa kwa mkono huwa bapa juu, na wanafunzi wawili watabishana milimita 2 au 3 kuhusu ncha iko wapi. Pale mchoro unapoukata mstari, penseli inapita wima zaidi na mahali panaonekana wazi.

Imebaki 5.8. Hii nayo si kosa. Mchoro wako una mawimbi matatu kamili, nami nimeyapata ya sm 5.8, 6.2 na 6.3. Mkono ulianza kwa kubana, kisha ukalegea. Mwanafunzi wa tatu alipima wimbi la kwanza akaishia hapo, wewe bila shaka ulipima yote matatu, sm 18.3, ukagawanya kwa 3. Tofauti yenu ni sm 0.3, kama asilimia 5, nayo yote imetoka kwenye mchoro. Kugawanya kunasaidia kwa njia ya pili pia: ukikosea milimita 1 katika kusoma sm 18.3, kila wimbi linabeba theluthi tu ya kosa hilo.

Kwa upande wa uandishi wa jedwali, safu ya daftari uliyoipa kichwa "Usomaji" ningeibadilisha. Usomaji ni tendo la kusoma, na kwa watoto ni la kitabu. Andika "Kipimo cha mwanafunzi" na "Kipimo cha mwalimu", kisha safu ya tatu uiite "Tofauti", usiiite "Kosa". Kosa ni hukumu, nawe umekwisha kuona kwamba 2.3 na 5.8 hazistahili kuhukumiwa.

Usije ukaokoa hali kwa kuliita urefu wa wimbi "masafa", kama wanavyofanya baadhi. Ni kweli redio za zamani zilitupa "masafa mafupi", na stesheni zilitajwa kwa mita, mita 31 au mita 49, ambazo ndizo urefu wa wimbi hasa. Lakini leo masafa ya FM husemwa kwa megahezi, yaani mamilioni ya mawimbi kwa sekunde. Neno limekwisha kuhamia upande wa pili.

"Urefu wa wimbi" limeshazoeleka, libakie. Kinachohitaji kubadilika ni ile sentensi ya ubaoni. Ningeiandika hivi: "Pimeni umbali wa kwenda mbele, kutoka mahali wimbi linapoukata mstari likipanda hadi mahali linapoukata tena likipanda. Huo ni urefu wa wimbi. Pimeni kimo, kutoka bonde hadi kilele, mkigawanye kwa 2. Hiyo ni amplitudo."

Na kwenye mchoro, mstari wa kwenda mbele hukuuandikia kitu. Uandikie "Umbali (sm)". Siku utakapochora wimbi lilelile na kuandika "Muda (sekunde)" hapo chini, kutoka kupanda hadi kupanda hakutakuwa tena urefu wa wimbi, bali muda ambao wimbi moja linachukua kukamilika, na wanafunzi waliozoea kutazama umbo tu wataandika sentimita mahali pa sekunde.