Tumbo linajibu badala yangu

"Kila wiki mshauri ananiuliza najisikiaje, nami najibu tumbo linauma. Miezi minne hatusogei. Nina kasoro gani?"

Pole, ndugu. Kama hospitali imeshalichunguza tumbo na haikuona kitu, huenda ni aleksithimia, jina alilolitoa daktari Peter Sifneos miaka ya 1970 kwa wagonjwa wa namna hiyo. Si ugonjwa, ni ugumu wa kuzipa hisia majina. Hasira ikija tumbo linajikaza, lakini wewe unausikia mkazo tu, ukaudhania maradhi. Maumivu ni ya kweli kabisa.

Swali "unajisikiaje" ndilo linalokwamisha, maana linadai jina usilokuwa nalo. Shemeji yangu alikwama hivyohivyo (tulidhani ana kiburi!) mpaka mshauri akabadili maswali: lilianza saa ngapi, baada ya nini, ulitamani kufanya nini? Ikaonekana lilianza Jumapili jioni, baada ya kaka yake kupiga simu kuomba hela, na alitamani kuitupa ile simu. Hapo ndipo neno "hasira" lilipopatikana.

Andika hayo matatu kila linapouma, umpelekee mshauri. Mwulize pia kuhusu dodoso la Toronto la kupima aleksithimia, lina maswali 20.