Kampuni ikifungwa, ukiulizwa "kwa nini uliondoka?" jibu hivi

Dada mmoja wa Arua ameniandikia. Mradi aliokuwa mhasibu wake ulifungwa mwaka 2025, Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, na sasa kila akiitwa kwenye usaili anababaika wakimuuliza kwa nini aliondoka.

Dada yangu, uchungu huo naujua. Kampuni niliyoitunzia ghala hapa Kampala ilifunga geti, na sisi tukapewa habari kwa ujumbe wa simu. Mpaka leo inaniuma. Lakini wiki iliyopita nimeanza kazi mpya, na jopo nililijibu hivi:

"Kampuni ilisimamisha shughuli zote na wafanyakazi wote tukaachishwa. Kabla ya kuondoka nilihesabu bidhaa zote, nikazilinganisha na leja, nikakabidhi orodha iliyosainiwa. Sasa natafuta ghala ambalo mzigo unaingia na kutoka kila siku, kama hili lenu."

Nikanyamaza. Mwenyekiti akauliza nilifanyaje pale hesabu ya ghala ilipopishana na leja. Hapo nikajua nimevuka, maana tulikuwa tumeshaanza kuzungumzia kazi. Wakirudia kuuliza habari za kufungwa, ujue kuna kitu umekiacha wazi.

Kwako wewe pengo liko hapa: umeniandikia "walipunguza baadhi yetu". Msikilizaji atajiuliza mara moja kwa nini wewe na si mwenzako. Taja panga lilipita hadi wapi: "Nafasi zote za ofisi ya Arua zilifutwa, na yangu ilikuwa mojawapo." Kisha eleza ulivyofunga vitabu na kukabidhi hati za malipo, halafu uende moja kwa moja kwenye kazi unayoiomba. Usiseme uliacha mwenyewe, kwa sababu watapiga simu. Mishahara unayodai ipeleke kwa afisa wa kazi wa wilaya. Jopo haliwezi kukulipa, na ukiianza hadithi hiyo, sauti itabadilika tu. Nimewaona watu wenye uwezo mkubwa wakipotelea hapo.

Omba pia cheti cha utumishi, kwa maandishi. Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 inamtaka mwajiri akupe ukikiomba, kikionyesha cheo chako na muda uliotumikia. Sababu ya kuachishwa huandikwa ukiiomba tu, kwa hiyo iombe! Mimi niliitaja kwenye barua yangu, na karatasi ile niliiweka mezani kabla hawajauliza mara ya pili.

Na usiandike barua pepe ya ofisi kuwa anwani ya mdhamini wako. Ofisi ikifungwa, barua pepe zake nazo huzimwa, na jopo likikosa jibu litadhani unaficha jambo. Mwombe msimamizi wako wa zamani namba yake binafsi wiki hii, kabla hajahamia kwingine.