Stika ipo, lakiri imekatwa

"Mizani yangu ya duka ilihakikiwa na Wakala wa Vipimo mwezi wa tatu, fundi akaifungua mwezi wa nane. Cheti si bado kinafanya kazi mpaka mwaka uishe?"

Hapana, ndugu. Miezi 12 ya cheti ni ya mizani ambayo haijafunguliwa. Fundi akishakata waya wa lakiri, ule muhuri unaofunga mizani isifunguliwe, uhakiki umekwisha hapo hapo, hata stika iwe inang'aa. Anayesema kuwa stika inatosha amepatia nusu: stika inaonyesha muda, lakiri ndiyo inayoonyesha haijachezewa. Irudishe ihakikiwe upya, na kabla ya kuondoka linganisha namba ya mizani na ile ya kwenye cheti. Ila kabla ya kuirudisha, weka jiwe la kilo 1 katikati ya sahani, kisha kila pembe. Usomaji ukitofautiana, fundi hajamaliza kazi. Kama ana leseni au hana, hilo muulize mwenyewe.