Video uliyopachika kwenye blogu: nani kabonyeza, na YouTube imehesabu nini?

Nimechukua video ya mahafali yetu iliyoko YouTube nikaiweka kwenye blogu ya shule. Wazazi wakiitazama humo humo bila kwenda YouTube, inahesabika? (Mwalimu, Tabora)

Inahesabika, Mwalimu, mradi mzazi mwenyewe ndiye aliyebonyeza kitufe cha kucheza kilichomo ndani ya pleya ya YouTube. Blogu yako haina video hata moja. Ilichonacho ni dirisha dogo ambalo ndani yake YouTube inaonyesha video yake, ikitoka kwenye mitambo yake yenyewe. Dirisha hilo huwekwa kwa msimbo huu, ambao unaupata ukibonyeza Share chini ya video, kisha Embed:

```html
<iframe width="560" height="315"
 src="https://www.youtube.com/embed/KITAMBULISHO"
 referrerpolicy="strict-origin-when-cross-origin"
 allowfullscreen></iframe>
```

Nimeufupisha, ule utakaonakili una maneno zaidi, na usiyaguse. Mahali nilipoandika KITAMBULISHO panakaa zile herufi, tarakimu na alama 11 za video yako. Kwa kuwa mzazi anapobonyeza anaongea na YouTube moja kwa moja, YouTube inajua video imechezwa, na inajua imechezwa kwenye tovuti gani. Ukiwa unatumia WordPress huhitaji hata msimbo: bandika kiungo cha video peke yake kwenye mstari wake, na pleya itajitokeza.

Nimeweka video ijicheze yenyewe ukurasa ukifunguka ili nisipoteze watazamaji. Wiki nzima watu wameingia kwa mamia, lakini namba kule YouTube haijasogea. Kuna nini? (Mmiliki wa duka la vitenge, Mombasa)

Hapa nitakaa kidogo, maana swali hili naletewa kila mara na linaumiza watu wanaofanya kazi kwa bidii.

Kwa YouTube, kutazama ni uamuzi wa mtazamaji. Maelekezo yao kwa wanaotengeneza tovuti yanasema wazi kwamba uchezaji unaingia kwenye hesabu rasmi pale tu unapoanzishwa kwa kitufe cha kucheza cha pleya yenyewe. Mteja wako alifungua ukurasa kutafuta bei ya doti, video ikaanza, naye hakuiomba. Kwa hiyo haikuhesabiwa. Wangehesabu hivyo, mtu angeweka video mguuni mwa kila ukurasa wa tovuti na kujipatia watazamaji ambao hawajaiona kamwe.

Kuna hasara ya pili. Tangu Aprili 2018 kivinjari cha Chrome huzuia video kujianzisha ikiwa na sauti, isipokuwa katika hali chache, na vivinjari vingine vina masharti ya namna hiyo hiyo. Ndiyo maana watengenezaji wengi huongeza amri ya kunyamazisha sauti. Nimeangalia ukurasa wako, na kwako ni hivi:

```text
embed/KITAMBULISHO?autoplay=1&mute=1
```

Yaani mteja anaona mama anaonyesha namna ya kufunga kitenge, midomo inacheza, hasikii neno. Umepoteza hesabu, na umepoteza na maelezo. Bando la mteja nalo linaliwa bila ridhaa yake.

Futa kila kitu kuanzia alama ya kuuliza hadi mwisho wa anwani hiyo. Kama ulitumia kijenzi cha kurasa, usitafute msimbo. Fungua mipangilio ya kisanduku cha video na uzime kitufe kilichoandikwa Autoplay. Kisha jaribu: fungua ukurasa kwenye dirisha la faragha la kivinjari, usiguse kitu, subiri. Picha ikitulia, umefanikiwa.

Tahadhari moja. Ukisoma msimbo wa kawaida wa YouTube utakutana na neno autoplay ndani ya sehemu inayoanza na allow. Hilo ni kibali tu, haliichezeshi video. Wengi hulifuta wakidhani wamepata mchawi. Unachotafuta ni `autoplay=1` ndani ya anwani.

Na mtu akikosa kubonyeza je? Basi mpe sababu ya kubonyeza. Isogeze video juu, karibu na vitenge inavyovihusu, andika mstari mmoja juu yake unaosema ndani mna nini na ni dakika ngapi, na uiwekee picha ya jalada inayosomeka kwenye simu. Hao watakaobonyeza ndio hasa unaowatafuta.

Fundi wetu wa tovuti ameweka picha yenye kitufe chetu cha rangi ya kijani. Mgeni akibonyeza ndipo pleya ya YouTube inakuja na kuanza kucheza. Huyu si amebonyeza mwenyewe? (Katibu wa kwaya, Mwanza)

Amebonyeza, ila kitufe chenu, siyo cha pleya. Kwa macho ya mgeni ni kitu kimoja. Kwa YouTube ni viwili. Baada ya mguso ule, ukurasa wenu ndio unaotoa amri ya kucheza, ama kwa ile `autoplay=1` au kwa amri iitwayo `playVideo`, na maelekezo niliyoyataja yameandikwa pale pale kwenye maelezo ya amri hiyo.

Nataka nimtetee fundi wenu, kwa sababu nia yake ni njema. Pleya ya YouTube ni nzito, na ukurasa wenye video sita hufunguka kwa kusuasua kwenye mtandao dhaifu. Picha badala ya pleya huufanya uwe mwepesi. Niliwahi kufanya hivyo hivyo kwenye tovuti niliyokuwa naitunza, ukurasa ukaruka kama swala, na miezi miwili baadaye wenye chaneli wakaniuliza kwa nini watazamaji wa kutoka kwenye tovuti wamekauka. Sikuwa nimeunganisha mambo hayo mawili.

Dawa niliyoitumia ni kuondoa picha na kuongeza neno hili ndani ya msimbo wa kila pleya:

```html
loading="lazy"
```

Kivinjari hapo husubiri hadi msomaji akaribie video ndipo kiivute pleya. Ukurasa haukuwa mwepesi kama ulivyokuwa na picha, lakini kitufe kinachobonyezwa ni cha YouTube. Kama kwaya yenu inajali kasi kuliko hesabu, bakini na picha. Ila amueni mkijua.

Takwimu za blogu yangu zinasema ukurasa wa visheti umefunguliwa mara 480. Studio ya YouTube inaonyesha 150 kutoka nje. Nani anasema kweli? (Mpishi, Zanzibar)

Wote wawili, dada, ila wanahesabu vitu tofauti. Ile 480 ni kufunguliwa kwa ukurasa. Humo mna aliyesoma vipimo vya unga akaondoka, na aliyerudi mara tatu kuangalia kiasi cha iliki.

Ile 150 uliyoisoma iko kwenye vyanzo vya watazamaji, mstari wa External. Mstari huo unachanganya makundi mawili: waliotazama kwenye pleya zilizopachikwa, na waliobonyeza kiungo mahali fulani, mathalan kwenye kundi la WhatsApp, wakapelekwa YouTube. Ndiyo maana haukujibu swali lako.

Jibu liko kwingine. Ingia YouTube Studio, fungua Analytics ya video hiyo, nenda kwenye hali ya juu, yaani Advanced mode, kisha chagua Playback location. Hapo YouTube hutenganisha waliotazama kwenye ukurasa wake na waliotazama kwenye Embedded in external websites and apps. Ulinitumia picha ya sehemu hiyo nayo inasoma 96. Ukibonyeza mstari huo inafunguka orodha ya tovuti: blogu yako 88, na 8 ni za tovuti nyingine iliyopachika video yako.

Kwa hiyo katika zile mara 480 ukurasa ulipofunguliwa, video ilichezwa mara 88, kama moja kwa tano hivi. Kwa ukurasa wa mapishi ambao tayari umeandika kila hatua, mimi siioni kuwa ndogo. Kinachonivutia zaidi ni safu ya muda wa wastani wa kutazama: wa kwenye blogu wamekaa dakika 4, wa YouTube dakika 2. Mtu aliyekwisha kusoma vipimo anatazama mikono yako ikikunja visheti, na hana haraka.

Usishtuke namba ya hadharani chini ya video ikichelewa kuifikia ile ya Studio. YouTube huchuja uchezaji wa kutiliwa shaka, na namba inaweza kusimama kwa muda au hata kupungua.

Badala ya video naona maandishi kwamba youtube.com imekataa kuunganishwa. Mwenzangu yeye anaona Error 153. (Mwanablogu, Nairobi)

Wewe umeweka ndani ya iframe anwani ya ukurasa wa kutazamia, ile yenye `watch?v=`. YouTube hairuhusu ukurasa huo kuwekwa ndani ya tovuti ya mtu mwingine. Ibadilishe iwe `embed/` ikifuatiwa na kitambulisho.

Mwenzako tatizo lake ni kwamba tovuti yake inaficha jina lake inapoiita YouTube. Aongeze mstari wa `referrerpolicy` kama ulivyo kwenye msimbo wa mwanzo. Isipokubali, akague plagini za usalama, kwani baadhi huweka `no-referrer` kwa tovuti nzima.

Nikiipakua video yangu nikaipandisha kwenye seva yangu, itaongeza watazamaji kule YouTube? (Mtayarishaji filamu, Dar es Salaam)

Haitaongeza hata mmoja. Hiyo ni nakala inayochezwa na seva yako, na YouTube haina habari nayo. Vivyo hivyo ukiipandisha Facebook: wana hesabu yao.

Nimepachika video ya msanii kwenye tovuti yangu na tangazo linatokea mwanzoni. Fungu langu liko wapi? (Mwendesha tovuti ya burudani, Goma)

Hakuna, kaka. Mapato ya tangazo ndani ya pleya yanagawanywa kati ya YouTube na mwenye video, na mtazamaji uliyemleta anaingia kwenye hesabu ya msanii. Naye ana uwezo wa kukuzuia wakati wowote akiondoa alama kwenye Allow embedding katika mipangilio ya video. Siku hiyo wasomaji wako wataona maelezo tu kwamba video haipatikani hapo. Kama habari yako yote inaegemea video hiyo, iandike kwa namna ambayo msomaji ataielewa hata pleya ikizimwa.